Mashavu yote mawili yamevimba na homa iko juu: kumtunza mtoto mwenye matubwitubwi, na siku za kuwa macho

Swali: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 7, ana kilo 20. Ijumaa alirudi shule analalamika sikio la kushoto, jioni shavu likavimba na homa ikapanda. Jana Jumapili na la kulia nalo likavimba. Leo Jumatatu hawezi kutafuna na anakunywa kidogo sana. Duka la dawa wamenipa amoksilini na panado ya maji. Jirani anasema ni matubwitubwi nimpake masizi, mama mkwe anasema ugonjwa huu utamfanya asije kupata mtoto. Kaka yake ana miaka 14 na wanalala chumba kimoja. Chanjo zote walipata. Nimfanyie nini nyumbani, na dalili zipi nikiziona nikimbie hospitali? (Mama wa watoto wawili, Morogoro)

Jibu:

Marahaba, mama. Mpangilio wa siku uliouandika unafanana kabisa na matubwitubwi, ambayo wengine huyaita perema. Sikio huanza kuuma, shavu moja linavimba, la pili linafuata baada ya siku 1 au 2, na kutafuna kunakuwa mateso. Watoto wengi wa umri wake hupona nyumbani ndani ya wiki moja hadi siku 10 bila kuachiwa dosari yoyote. Homa ninayotaka uiogope ni ile inayoshuka, nyumba nzima ikapumua, halafu ikarudi wakati mashavu yameanza kupungua. Nitaifikia. Kwanza tuhakikishe tunazungumzia ugonjwa wenyewe, kwa sababu mashavu ya mtoto huvimba kwa mambo mengi.

Mkalishe mahali penye mwanga wa kutosha, kisha simama nyuma yake. Tezi kubwa ya mate imekaa mbele ya sikio na kushuka chini yake, kwa hiyo ikivimba huisukuma ndewe ya sikio juu na nje. Ukimtazama kwa nyuma utaona ndewe zimenyanyuka na kutokeza pembeni. Ukishaliona hilo, zunguka mbele na upitishe kidole taratibu juu ya mfupa wa taya, kutoka kidevuni kuelekea sikioni. Kwa mtoto mzima kidole hufika kwenye pembe ya taya, pale mfupa unapopinda kupanda juu, na pembe hiyo hushikika wazi. Mwenye matubwitubwi pembe hiyo haipatikani, imefunikwa na uvimbe laini, unaobonyea kidogo na unaouma ukiguswa. Kama pembe ya taya unaishika vizuri na uvimbe uko chini yake, shingoni, basi zilizovimba ni tezi za shingo. Hapo tunatafuta mafindofindo au jino lililooza, na matibabu yake ni tofauti.

Kisha washa tochi ya simu umwambie afungue kinywa kadiri anavyoweza. Ndani ya shavu, usawa wa magego ya juu, kuna kitundu kidogo ambacho tezi hiyo humwagia mate. Katika matubwitubwi kitundu hicho huweza kuwa chekundu na kuvimba kidogo. Sukuma shavu kwa upole kutoka sikioni kuja mbele. Yakitoka mate meupe ya kawaida, au kisipotoka kitu, ni sawa. Ukiona usaha, tezi imeingiwa na bakteria, na hapo ndipo antibayotiki ina kazi, tena apelekwe siku hiyohiyo. Uvimbe wa namna hiyo mara nyingi huwa upande mmoja tu, ngozi yake ni nyekundu na ya moto, na mtoto anaonekana mgonjwa kuliko ukubwa wa uvimbe wenyewe.

Ukiwa bado na tochi, tazama koo. Utando wa kijivu uliogandamana kooni, pamoja na shingo iliyonenepa na pumzi ya shida, ni dalili ya dondakoo. Hiyo haingoji asubuhi.

Kuna uvimbe wa aina mbili ambao nimeona ukichelewa kwa sababu watu waliuita matubwitubwi wakasubiri upungue. Wa kwanza ni saratani ya taya ya watoto, ile ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda, na ambayo hutokea zaidi kwenye maeneo yetu yenye malaria nyingi. Taya huvimba haraka, wiki kwa wiki, kwa kawaida bila maumivu makali, na meno ya upande ule huanza kulegea. Wa pili ni mashavu yote mawili yaliyovimba kwa wiki au miezi bila homa wala maumivu. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kupimwa VVU, kwa sababu virusi hivyo huweza kuzivimbisha tezi za mate polepole. Wa kwako ameanza Ijumaa, ana homa na anaumwa, kwa hiyo simwoni katika kundi lolote kati ya haya. Nayataja kwa sababu kama uvimbe utakuwepo bado baada ya wiki 2, lazima uangaliwe upya.

Jambo la kufanya leo, kabla ya kingine chochote, ni kumpeleka zahanati apimwe malaria. Mashavu yaliyovimba hayamkingi na mbu, na mtoto anaweza kuwa na yote mawili. Ukiwa pale, mwonyeshe mhudumu ile amoksilini na umweleze ulichokiona kinywani. Matubwitubwi husababishwa na virusi, na amoksilini haiui virusi. Kama hakuna usaha, koo ni safi na masikio ni mazima ndani, dawa hiyo haitapunguza hata siku moja ya ugonjwa wake. Itakachoweza kumletea ni kuhara, na mtoto asiyekunywa vizuri hatakiwi kuhara.

Panado ndiyo dawa yake. Kiasi hufuata uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa hiyo kwa kilo 20 ni kati ya miligramu 200 na 300 kila mara. Sasa geuza chupa usome upande wa nyuma, kwa sababu chupa hazilingani. Nyingi zina miligramu 120 katika kila mililita 5. Ya aina hiyo mpe mililita 10. Nyingine zina miligramu 250 katika mililita 5, na hizo mpe mililita 5 tu. Pima kwa kikombe kilichokuja na dawa au kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maana vijiko vya chai vya nyumbani havilingani. Kila dozi ifuatane na nyingine baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku nzima, usiku ukiwemo. Akishindwa kabisa dawa ya maji, nusu ya kidonge cha miligramu 500 iliyosagwa na kuchanganywa na uji kidogo inatosha dozi moja. Angalia pia usimpe dawa ya mafua juu yake, kwa kuwa nyingi zina parasetamoli ndani, na ini la mtoto ndilo linaloumia.

Aspirini usimpe kabisa. Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa virusi inaweza kuleta madhara mabaya ya ini na ubongo. Najua wapo wanaotaka achomwe sindano ya maumivu ili apate nafuu haraka. Haihitajiki, na inamtesa bure.

Mpe dozi moja kama nusu saa kabla ya kumlisha. Jambo hili dogo husaidia sana, kwa sababu maumivu yanakuwa yametulia wakati kinywa kinapoanza kufanya kazi. Tezi iliyovimba huuma zaidi inapokamuliwa, na kinachoikamua ni mate. Kwa hiyo vyote vinavyotekenya mate viwekwe kando kwa sasa: limau, chungwa, ukwaju, embe mbichi, achari, pilipili, peremende. Hapa akina mama wengi hukosea kwa nia njema. Mtoto ana homa, wanamkamulia juisi ya machungwa apate vitamini, naye anapiga kelele akishika mashavu kisha anakataa hata maji. Akishaumia hivyo mara moja, humchukua muda kuamini tena kikombe.

Mpe vinavyoteleza: uji mwembamba, mtori uliopoa, viazi vilivyopondwa na maziwa, parachichi, ndizi mbivu iliyopondwa, supu ya vuguvugu isiyo na ndimu. Chakula kikipungua kwa siku 3 au 4 si hatari kwa mtoto aliyekuwa na afya. Maji yakipungua ni hatari. Mtoto wa kilo 20 anahitaji karibu lita moja na nusu ya vinywaji kwa siku, na homa huongeza. Usimkabidhi glasi nzima, itamkatisha tamaa. Jaza chupa ya lita moja asubuhi, mpe mafunda machache kila baada ya dakika 10 au 15, kwa kijiko au mrija, na ukiimaliza kabla ya alasiri uko vizuri. Maziwa na uji vinahesabika humo. Kipimo chako ni mkojo. Akipitisha muda wa saa 8 wakati wa mchana bila kukojoa, au mkojo ukiwa mchache na wa rangi ya chai, au midomo imekauka na akilia hatoi machozi, maji yamemwishia na anahitaji kuonwa siku hiyo.

Asukutue kinywa kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo kila baada ya kula, kwa kuwa tezi zilizovimba hutoa mate machache na kinywa kichafu hukaribisha bakteria. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi, kikakamuliwa na kuwekwa shavuni kwa dakika 10, huwapa watoto wengi nafuu. Wachache hupenda cha vuguvugu. Mwachie achague mwenyewe.

Kuhusu masizi: yakipakwa juu ya ngozi nzima hayamdhuru sana, lakini hayaifikii tezi, na yanaficha wekundu ambao mimi au mhudumu mwingine tungependa kuuona. Ninachokuomba sana usikubali ni kukandwa kwa majivu ya moto au chumvi iliyopashwa, na kuchanjwa kwa wembe. Ngozi iliyo juu ya tezi imevutika na ni laini, inaungua upesi, na jeraha la pale ndilo mlango wa ule usaha niliousema. Kama jirani amekuja na masizi yake kwa upendo, mpokee, mwambie daktari ameomba uso uachwe wazi uonekane.

Sasa tuhesabu siku. Ijumaa iwe siku ya 1. Kila shavu huvimba kwa siku 1 hadi 3 kabla ya kuanza kupungua, kwa hiyo shavu la kulia lililoanza Jumapili linaweza kuwa kubwa zaidi kesho au keshokutwa, na uso wake ukaonekana mbaya kuliko leo. Usishtuke kwa hilo. Homa kwa kawaida hukaa siku 3 au 4. Natarajia iwe imeshuka kufikia Jumanne au Jumatano, na kufikia Ijumaa hii awe anatafuna wali laini. Ikishuka hivyo, usiweke kipimajoto kabatini. Endelea kumpima asubuhi na jioni hadi Jumatatu ijayo, bila kumpa panado kwanza, kwa sababu panado huificha homa. Virusi hivi havikai kwenye mashavu peke yake. Vinasafiri kwa damu, na madhara mengi yake hujitokeza kati ya siku ya 4 na ya 10, ingawa mara chache hutangulia mashavu au huchelewa zaidi ya hapo. Homa ikirudi baada ya siku nzima ya kutulia, kuna mahali virusi vimefika, na kazi yako ni kujua ni wapi.

Mahali pa kwanza ni utando unaofunika ubongo. Katika kila wagonjwa 10 wa matubwitubwi, mmoja hivi anaweza kupata dalili zake, na walio wengi hupona vizuri. Mtoto analalamika kichwa kinauma sana, anatapika, anakimbia mwanga, shingo inakaza. Kupima shingo kwa mtoto ambaye taya zinamuuma kunachanganya, kwa sababu ukimwambia ashushe kidevu kifuani atakataa kwa maumivu ya mashavu tu. Mimi humkalisha kitandani miguu imekunjwa, nikamwambia abusu magoti yake. Mwenye matubwitubwi ya kawaida atanung'unika lakini atainama mgongo na shingo kwa pamoja. Aliyekaza shingo hawezi, mgongo unabaki wima au anaegemea mikono nyuma. Akishindwa, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Nyumbani hakuna anayeweza kutofautisha homa ya uti wa mgongo ya virusi vya matubwitubwi na ile ya bakteria inayoua kwa saa chache, wala na malaria iliyopanda kichwani. Hospitali watapima damu, na pengine watachukua maji ya uti wa mgongo. Wakikuomba ruhusa ya kipimo hicho, wape. Vilevile usisubiri kumpima chochote ikiwa amepata degedege, haamki vizuri, anaongea mambo yasiyoeleweka, au anayumba akitembea. Hizo ni dalili kwamba ubongo wenyewe umeguswa. Ni nadra, lakini ni dharura.

Mahali pa pili ni kongosho. Maumivu hukaa juu ya kitovu, huweza kupenya hadi mgongoni, na mtoto hutapika kila anachokula. Tumbo kuuma kidogo kwa siku moja ni jambo la kawaida kwa mtoto mwenye homa. Maumivu makali yanayomfanya ajikunje pamoja na kutapika mfululizo yanahitaji hospitali, kwa kuwa anaweza kuhitaji maji ya mshipani. Kama watapima damu na kukuambia kipimo cha amilesi, kimeng'enya ambacho kongosho hutoa, kimepanda, usishtuke kwa hilo pekee. Tezi za mate nazo hutoa amilesi, hivyo karibu kila mwenye mashavu yaliyovimba kitapanda. Madaktari wataangalia tumbo lake na vipimo vingine kabla ya kulilaumu kongosho.

Mahali pa tatu ndipo palipomtisha mama mkwe, na hofu yake ina chanzo cha kweli ingawa imemwangukia mtoto asiyehusika. Matubwitubwi huweza kuvimbisha korodani, lakini karibu wote wanaopata hilo ni wavulana waliokwisha kubalehe na wanaume wazima. Kwa mtoto wa miaka 7 ni nadra sana. Ninayemfikiria ni kaka yake wa miaka 14, na baba yao pia kama hakuwahi kuugua utotoni. Kwa wanaume waliobalehe ambao hawana kinga ya chanjo, kati ya 20 na 30 katika kila wagonjwa 100 hupata uvimbe huo. Mara nyingi ni upande mmoja, na huanza siku 4 hadi 8 baada ya mashavu, pamoja na ile homa inayorudi. Korodani iliyovimba inaweza kusinyaa baadaye, na kwa baadhi mbegu hupungua. Kukosa uzazi kabisa ni nadra, hata kwa waliovimba pande zote mbili. Mwambie mama mkwe hivyo kwa heshima, na umweleze kwamba mjukuu wake mdogo hayuko kwenye kundi hilo.

Kijana wako mkubwa akiugua, mweleze mapema aseme. Vijana wa umri huo huona aibu, hufungia maumivu chumbani, na huko ndiko madhara hutokea. Akivimba alale, korodani zinyanyuliwe kwa taulo dogo lililokunjwa, awekewe kitambaa cha baridi na apewe panado ya uzito wake. Kuna tahadhari moja hapa ambayo sitaki ikupite. Maumivu ya korodani yanayoanza ghafla, makali, pengine na kutapika, yanaweza kuwa korodani iliyojisokota kwenye mshipa wake, na hiyo inahitaji upasuaji ndani ya saa 6 hivi ili iokolewe. Asiseme mtu "si ni yale matubwitubwi". Apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji mara moja, matubwitubwi yatathibitishwa huko.

Wasichana waliobalehe nao huweza kupata maumivu ya chini ya tumbo kutokana na ovari kuvimba, na mara nyingi hupungua yenyewe. Kwako si suala la leo.

Limebaki sikio, ambalo ndilo linalonisumbua kuliko yote kwa sababu halina homa wala kilio. Kwa wachache sana virusi huingia kwenye sikio la ndani na kuzima usikivu, mara nyingi upande mmoja, na wakati mwingine kwa kudumu. Mtoto wa miaka 7 mwenye sikio moja zima hatakuambia kitu, kwa sababu anaendelea kusikia. Mwalimu atakuja kumwita mtukutu asiyesikiliza. Sasa hivi masikio yake yanauma kwa ajili ya tezi, hivyo mpime mara mbili: leo kadiri inavyowezekana, na tena mashavu yakishapungua. Mwambie azibe sikio la kulia kwa kidole, wewe ukiwa nyuma yake umbali wa mkono mmoja ukinong'oneza majina ya vyakula, naye arudie. Kisha upande wa pili. Ukiwa na simu, mpigie bibi yake, mwache aongee naye kwa sikio la kushoto kisha aihamishie la kulia. Akiirudisha simu upande uleule kila mara, au akilalamika mlio sikioni, kizunguzungu au kupoteza mwelekeo, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo siku hiyo au kesho yake. Usikivu uliopotea ghafla una nafasi ndogo ya kurejeshwa, na nafasi hiyo ni ya siku za mwanzo.

Shule atarudi lini? Huambukiza kuanzia siku 2 hivi kabla ya shavu kuvimba hadi siku 5 baada yake. Aliyevimba Ijumaa akae nyumbani hadi Jumatano, na Alhamisi anaweza kwenda kama homa imeisha na anakula. Mwarifu mwalimu, kwani wenzake aliokaa nao dawati moja Jumatano na Alhamisi iliyopita huenda walishaambukizwa kabla wewe hujajua. Nyumbani pia ni hivyo. Kumhamishia kaka yake chumba kingine leo kunapunguza kiasi cha virusi anachovuta, na vikombe na vijiko vitenganishwe, lakini usijione umechelewa kwa uzembe. Kama amepata, dalili zitaanza kati ya siku ya 12 na ya 25 tangu alipoambukizwa, zaidi wiki ya tatu. Katika kipindi hicho akiumwa sikio au taya, abaki nyumbani tangu siku ile. Baadhi ya wanaoambukizwa hawavimbi kabisa, kwa hiyo asipougua haimaanishi kwamba hakupata.

Uliandika kwamba chanjo zote walipata, na naamini. Lakini kwenye kadi zao utakuta chanjo ya surua na rubela, ambayo Tanzania ilianza kuitoa kwa pamoja mwaka 2014. Matubwitubwi hayamo ndani yake. Chanjo ya matubwitubwi ipo zamani sana. Mwaka 1963 mtafiti wa Marekani, Maurice Hilleman, alichukua virusi kooni mwa binti yake Jeryl Lynn aliyeamka usiku mashavu yamevimba, akavidhoofisha maabara, na chanjo iliyotokana navyo ikaidhinishwa mwaka 1967. Huku kwetu utaipata kwa kulipia katika baadhi ya hospitali binafsi, ikiwa imechanganywa na ya surua na rubela kwa jina la MMR, na huchomwa dozi 2. Mwanao mgonjwa haihitaji kwa ajili ya matubwitubwi, kwani akishapona kinga hudumu kwa kawaida maisha yote. Kwa kaka yake, ikichomwa sasa haitazuia maambukizi aliyokwisha kuyapata, ila itamkinga mbele ya safari kama safari hii yamempita. Kama mna uwezo, kwa mvulana wa miaka 14 ningeitoa pesa hiyo. Baba yao akumbuke au awaulize wazee wake kama aliugua. Kama hakuugua na hana kinga, asimlishe mgonjwa wala asilale naye hadi hiyo Alhamisi. Nawe hukuniambia chochote kuhusu ujauzito, basi kama upo, mweleze mkunga wako kwamba nyumbani kuna mgonjwa wa matubwitubwi.

Usiku wa leo, baada ya kipimo cha malaria, mpe panado saa 2, nusu saa baadaye uji, kisha mafunda ya maji mpaka alale. Kesho asubuhi kabla ya dozi nyingine mpime homa, uandike namba na saa kwenye karatasi. Ukienda hospitali kwa lolote kati ya niliyoyataja, nenda na karatasi hiyo, kwa kuwa swali la kwanza utakaloulizwa ni homa ilishuka lini na imerudi lini.